Friza ya wati 110 inazima inverta ya wati 1000: tatizo ni paneli, betri au waya?

#1 Mama Barafu

Wakuu habari. Nipo kisiwani upande wa Muleba, nauza soda baridi na barafu za ubuyu kwa wavuvi. Nimenunua friza ndogo ya kulala, lita 150, kibandiko nyuma kinasema 220-240V, 0.8A, wati 110. Mfumo wangu ni paneli mbili za wati 200 kila moja, betri moja ya jeli volti 12 ampea 200, kontrola ya PWM, na inverta iliyoandikwa 1000W ubavuni.

Inverta hiyo inabeba taa, redio, mashine ya kunyolea na hata kihita cha maji cha wati 500 bila kelele. Lakini friza ya wati 110 ikichomekwa, kompresa inaguna kidogo, inverta inalia piii na kuzima. Hata saa sita mchana jua likiwaka. Fundi aliyenifungia anasema niongeze paneli mbili. Kabla sijatoa hela nataka kuelewa: wati 500 inabeba, wati 110 inashindwa, paneli zinahusikaje?

#2 Kijana wa Sola

Dada, friza inapowaka inavuta mara tatu ya wati zake. Kwa hiyo 110 mara tatu ni 330, na paneli zako za 400 kiuhalisia zinatoa 280 hivi. Hazifiki. Fundi wako yuko sahihi, ongeza paneli. Au chukua moja ya wati 550, siku hizi bei imeshuka na inaleta umeme mwingi kuliko hizo mbili.

#3 Mama wa Goba

Hata mimi la kwangu linafanya hivyo hivyo umeme ukirudi baada ya kukatika. Linanguruma halafu kimya. Niliambiwa ninunue kile kifaa cha kulinda friji chenye taa nyekundu na kijani. Jaribu hicho dada, unachomeka ukutani tu.

#4 Msoma Uzi

Mama wa Goba, mwenzio hana ukuta wenye umeme, ana jua 😄 Natia kambi hapa, na mimi nina mpango wa friza.

#5 Mzee Ampea

Salamu kwenu. Nimefanya kazi ya majokofu na umeme wa jua Mwanza miaka mingi, naomba nianze na hoja ya Kijana wa Sola kwa sababu ina nusu ya ukweli.

Ni kweli kompresa inapowaka inavuta zaidi ya kile kilichoandikwa. Lakini mara tatu ni kidogo mno. Mota ya kompresa ikiwa imesimama inavuta mara tano hadi nane ya ampea zake za kawaida, mpaka izunguke. Ni chini ya sekunde moja, lakini inverta inaihisi yote. Angalia kwenye kompresa yenyewe, si kwenye mlango wa friza: mara nyingi kuna kibandiko chenye herufi LRA na namba. Hiyo ndiyo ampea ya mota iliyosimama. Kwa friza kama yako utakuta 5, 6 au 7.

Tuchukue 6. Ampea 6 kwa volti 230 inakaribia 1400. Si wati kamili zote, lakini upande wa betri ya volti 12 hapo unaongelea kama ampea 100 kwa mkupuo mmoja. Kihita chako cha wati 500 kinavuta kama ampea 47, kwa utulivu, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana kinabebwa.

Na hizo ampea 100 hazitoki kwenye paneli, zinatoka kwenye betri. Hata ungekuwa na paneli ishirini, kontrola yako haiwezi kupitisha kiasi hicho. Paneli zina kesi yake, tutaifikia. Sasa niambie mambo mawili: waya kutoka betri hadi inverta ni mnene kiasi gani, na una urefu gani?

#6 Mama Barafu

Shikamoo mzee. Kibandiko nimekipata chini ya kompresa, LRA 6.2. Waya fundi aliandika kwenye risiti "6mm". Betri iko stoo, inverta iko dukani ukutani, kama mita nne kutoka moja hadi nyingine.

#7 Mzee Ampea

Marahaba binti. Basi hesabu iko wazi.

Mita nne kwenda na nne kurudi ni mita nane za shaba. Waya wa milimita 6 za mraba una ukinzani wa karibu omu 0.003 kwa mita, kwa hiyo mita nane ni 0.024. Zidisha kwa ampea 100: volti 2.4 zinapotelea njiani. Betri yako ikiwa 12.5, inverta inaona 10.1, na hapo bado sijahesabu kwamba betri yenyewe inashuka ikivutwa hivyo. Inverta nyingi za volti 12 zinajizima zikiona karibu 10.5. Mlio unaousikia ni wa betri kuwa chini, na inverta ina haki ya kulia kwa sababu kwake ni kweli.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kihita: 47 mara 0.024 ni volti 1.1. Inverta inaona 11.4, inaendelea na kazi. Fumbo lako limeishia hapo, kwa maoni yangu.

#8 Fundi Baridi

Mzee Ampea nakuheshimu, lakini tusikimbilie waya. Mimi ni fundi wa friji, na "kuguna halafu kuzima" naijua. Inverta hizo za bei rahisi zilizoandikwa 1000W, ukizifungua unakuta ni 500 ya kudumu na 1000 ya kufumba macho. Ishike mkononi: yenye transfoma ya shaba ndani utaisikia uzito, na hiyo inavumilia mkupuo wa kompresa. Ile nyepesi kama boksi la viatu tupu haivumilii, hata ukiifungia waya wa kuvutia meli.

Pili, umeme wake ukiwa wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, mota inapata joto, inavuma, na inawaka kwa shida. Dada, imeandikwa PURE SINE WAVE au MODIFIED?

#9 Mama Barafu

Imeandikwa PURE SINE WAVE. Uzito, naibeba kwa mkono mmoja bila shida.

#10 Kijana wa Sola

Nilisema mara tatu kwa sababu ndivyo tunavyowapigia wateja hesabu na zinafanya kazi. Nimefunga friza kumi na kitu. Siku zote nampa mteja inverta ya 3000 na tunasahau.

#11 Mzee Ampea

Kijana, inafanya kazi kwa sababu unampa ya 3000, si kwa sababu ya mara tatu. Halafu inverta ya 3000 ikikaa bure inakula wati 25 au 30 usiku na mchana. Kwa siku ni karibu sawa na nusu ya chakula cha friza yenyewe. Mteja anayeuza soda kisiwani analipia hizo wati kwa paneli na betri.

Na ile paneli ya 550 uliyopendekeza #2, kwake ni hatari. Ana kontrola ya PWM na betri ya volti 12. Paneli hiyo inatoa kama ampea 13 kwa volti 40 na ushee. PWM inapitisha ampea zile zile na kuziacha volti zianguke hadi za betri, hivyo 13 mara 13, anapata wati 170 kutoka kwenye paneli ya 550. Tena ikiwa haijafungwa mzigo inafika karibu volti 50, na kontrola nyingi ndogo hazivumilii hapo. Paneli kubwa za aina hiyo zinataka kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Hizo zake za 200, kama ni za volti 12, zimekaa sawa na PWM.

Fundi Baridi, hoja yako ni nzito. Hatuwezi kujua kwa kubishana, tupime.

Binti, azima malitimita mbili. Moja iweke kwenye vichwa vya betri, nyingine kwenye nati za inverta zenyewe. Zikiwa na kitufe cha MIN/MAX kitumie, maana mkupuo ni mfupi na namba ya kawaida kwenye kioo haiwahi. Chomeka friza, soma namba ya chini kabisa kwa zote mbili. Betri ikibaki juu na inverta ikianguka, ni waya au nati zilizolegea. Zote mbili zikianguka pamoja, ni betri. Zote mbili zikibaki juu ya 11 na bado inazima, basi Fundi Baridi kashinda, ni inverta.

Jambo jingine: ikijizima, subiri dakika tano kamili kabla ya kujaribu tena. Gesi ndani inakuwa bado na mgandamizo upande mmoja, kompresa ikiwashwa mapema inasukuma ukuta, na unapata kipimo cha uongo.

#12 Mama wa Goba

Sasa si ndicho kile kifaa changu kinachofanya? Kinasubiri dakika tatu ndipo kinaruhusu umeme. Nilisema jambo la maana.

#13 Mzee Ampea

Kweli kabisa mama, na namshauri akiweke, kati ya inverta na friza. Hakitaondoa mkupuo wa kuwaka, lakini inverta ikizima na kujiwasha yenyewe kitamwokolea kompresa.

#14 Nahodha wa Faza

Salaam kutoka Lamu. Huku sisi tuliachana na hiyo vita kitambo. Friza yangu ya samaki ni ya volti 12 moja kwa moja, hakuna inverta. Kompresa ni BD35F, zamani ilikuwa Danfoss, sasa ni Secop. Ina kibodi chake cha umeme, yaani bodi ndogo, kinachoizungusha polepole mwanzoni, kwa hivyo hakuna kile kishindo. Fyuzi yake ni ya ampea 15 tu, sasa linganisha na hizo 100 zenu. Na ule ulaji wa inverta wa usiku kucha pia haupo.

Lakini waya ni muhimu huku pia. Mwongozo wake unataka waya wa milimita 2.5 usizidi mita mbili na nusu kwa volti 12. Mwenzangu aliupuuza, friza ikawa yawaka na kuzima kutwa.

#15 Fundi Baridi

Nahodha, hiyo safi, ila bei yake mtu ananunua friza mbili za kawaida. Na kile kibodi kikiungua kisiwani Muleba, atakipata wapi? Ya kawaida nampatia relei sokoni siku hiyo hiyo.

#16 Nahodha wa Faza

Hapo sina jibu. Langu lilikaa wiki mbili likingoja kibodi kutoka Mombasa. Samaki niliwauza kwa bei ya kutupa.

#17 Mama Barafu

Wakuu nimerudi. Nimepima na kijana wa shule anayejua hizo mita, yake moja ina MIN/MAX na nyingine tukaazima kwa fundi simu mwenye nayo. Saa saba mchana, betri kabla ya kuchomeka ilikuwa 12.9. Friza ilipowaka: kwenye betri namba ya chini 11.4, kwenye inverta 9.2. Ikazima kama kawaida.

#18 Mzee Ampea

Volti 2.2 zimepotea kati ya betri na inverta. Nilisema 2.4 kwa kukadiria. Hamisha inverta iende stoo karibu na betri, usirefushe waya wa betri hata kidogo. Waya mrefu uwe ule wa volti 230 kwenda dukani, huo ampea zake ni chache na hausumbui. Betri hadi inverta iwe mita moja na nusu au pungufu, waya wa milimita 25 au ule mnene wa betri za malori, ncha zibanwe vizuri na nati zikazwe. Na fyuzi ya ampea 150 karibu na kichwa cha betri, usiiache hiyo. Hapo kitakachopotea njiani ni robo ya volti.

#19 Betri Mpya

Mimi ningesema auze hiyo jeli achukue lithiamu ya ampea 100. Haishuki volti hovyo, na anaitumia karibu yote wakati jeli anatakiwa aishie nusu. Ampea 100 za lithiamu ni karibu sawa na 200 za jeli.

#20 Mzee Ampea

Kwa akiba ya usiku ni kweli, karibu sawa. Lakini soma ubavuni bodi yake ya ulinzi, wanaiandika BMS, inaruhusu ampea ngapi. Nyingi za ampea 100 zinaruhusu 100 tu za kudumu, na zipo za 50. Mkupuo wa friza ukiigusa hiyo bodi, betri yote inajikata ghafla na giza linaingia bila hata mlio. Nyingine zinavumilia sekunde kadhaa, nyingine hapana. Muulize muuzaji akuoneshe karatasi yake.

#21 Msoma Uzi

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni waya. Fundi wa paneli mbili arudishe nauli 😄

#22 Mzee Ampea

Hapana, usimhukumu bado. Kuwaka ni swali moja, kushinda na kulala ni jingine. Binti, unagandisha au unahifadhi? Na ukiweza, weka kipima wati kati ya inverta na friza kwa saa 24.

#23 Mama Barafu

Mzee, waya nimebadilisha! Nimepata wa lori, inverta iko stoo. Friza inawaka, jana nzima haikuzima hata mara moja. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Kipima wati nimeazimwa: saa 24 yuniti 1.1, ikiwa na soda na pakiti za ubuyu kama lita tano. Lakini mpango wangu ni kugandisha lita ishirini kwa siku. Na kuna jipya, alfajiri saa kumi na moja inverta ililia tena. Haikuzima, ililia tu kila kompresa inapowaka.

#24 Mzee Ampea

Sasa ndipo paneli zinapoingia.

Yuniti 1.1 za friza, ukiongeza kinachopotea ndani ya inverta, betri inatoa kama 1.25. Inverta yenyewe ikila wati 15 kwa saa 24 ni 0.36. Jumla karibu yuniti 1.6 kwa siku. Paneli zako za 400, kwa saa tano kwa siku za jua zuri kama la ziwani, ukitoa joto, vumbi, PWM na hasara za betri nazidisha kwa 0.65, zinaingiza 1.3. Kila siku unapungukiwa 0.3. Siku ya kwanza huoni, ya nne betri inaamka ikiwa chini na kuanza kulia alfajiri. Paneli ya tatu ya 200 inakupeleka 1.95, hapo unapumua. Angalia tu kontrola yako ni ya ampea ngapi, paneli tatu zitaleta zaidi ya 30.

Kuhusu lita ishirini, hapana. Kugandisha lita kumi za maji yenye joto la hewa kunakula karibu yuniti nzima kwa kompresa ndogo kama hiyo. Lita ishirini ni mbili, juu ya kazi yake ya kawaida. Hata ikizunguka saa 24 bila kupumzika, wati 110 ni yuniti 2.6 tu. Friza yenyewe itashindwa kabla ya sola.

#25 Kijana wa Sola

Kwa hiyo paneli zilihusika, kama nilivyosema.

#26 Fundi Baridi

Zinahusika na alfajiri, hazikuhusika na mchana 😀 Lakini mimi naona betri ndiyo mgonjwa. Betri ya ampea 200 iliyojaa mchana isingeshuka kutoka 12.9 hadi 11.4 kwa mkupuo wa ampea 100. Dada, ina miaka mingapi?

#27 Mama Barafu

Nilinunua kwa mtu, aliniambia ilikuwa na mwaka mmoja. Nami ninayo mwaka wa pili.

#28 Mzee Ampea

Volti moja na nusu ni nyingi, nakubali. Lakini betri inayolala njaa kila siku nayo inashuka hivyo, hata ikiwa nzima. Huwezi kuzitofautisha mpaka uijaze kabisa: siku mbili au tatu za jua friza ikiwa imezimwa, iache ipumzike usiku bila mzigo wala chaji, ndipo upime. Ikisimama 12.7 na mkupuo ukiishusha hadi 12 tu, ilikuwa njaa. Ikisimama 12.3, Fundi Baridi kaona.

#29 Mama Barafu

Siku tatu friza izimwe? Mzee, wavuvi wanarudi kesho kutwa, hiyo ndiyo wiki yangu ya kuuza.

#30 Nahodha wa Faza

Basi usiku izime. Mimi yangu hupumzika kuanzia saa tatu hadi alfajiri, chini nimejaza chupa za maji ya chumvi zilizoganda. Mchana jua lazigandisha, usiku zenyewe ndizo betri. Usifungue kifuniko tu.

#31 Fundi Baridi

Ubuyu hautakaa mgumu, Nahodha, chupa za chumvi nyingi zinayeyuka chini ya sifuri na zinakaa hapo. Kwa soda sawa. Kwa barafu za kuuza saa moja asubuhi, mimi nisingethubutu.

#32 Nahodha wa Faza

Zikiyeyuka chini ya sifuri si ndio vizuri? Ubuyu una sukari lakini bado utaganda kabla ya hapo. Weka chumvi ya kutosha, si gunia.

#33 Mama Barafu

Leo usiku nazima saa nne nikiwa na chupa sita ndani, nione hali ya saa kumi na mbili. Paneli ya tatu naifuata Bukoba Jumamosi. Kontrola yangu inasema 30A, naona nayo itabidi ibadilike?

#34 Mpita Njia Geita

Jamani mimi nina friza ya zamani ya lita 200, kompresa haina kibandiko kabisa, imeshakwanguka. Hiyo LRA naipataje?

#35 Fundi Baridi

Tafuta fundi mwenye mita ya kubana waya inayoshika mkupuo, kitufe kimeandikwa INRUSH. Ichomeke kwenye umeme wa TANESCO au jenereta kubwa, bana waya mmoja tu, washa, soma. Ya zamani ya lita 200 usishangae ukiona ampea 10 au zaidi.

#36 Mzee Ampea

Na ukiona 10, usifunge kwa volti 12. Nenda 24 moja kwa moja, ampea upande wa betri zinakuwa nusu. Mama Barafu, ndiyo, ampea 30 ni finyu kwa paneli tatu. Chukua ya 40.